YAH: MADAI YA ADA YA UCHORAJI WA RAMANI, SH. 3,000,000

3 Machi 2025

Kwa Mkurugenzi,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kwa mkataba tuliotia saini tarehe 9 Septemba 2024, ulinipa kazi ya kuchora ramani ya ghala kwa ada ya Sh. 4,800,000. Ulilipa malipo ya awali, Sh. 1,800,000. Salio la Sh. 3,000,000 lilipaswa kulipwa ndani ya siku 30 baada ya kukabidhiwa ramani.

Ramani ulikabidhiwa tarehe 18 Novemba 2024, na hati ya makabidhiano ina saini yako na mhuri wa ofisi. Hujawahi kulalamikia kazi yenyewe. Ujumbe wako wa tarehe 6 Januari unasema tu kwamba "mwenye jengo hajatoa fedha", jambo ambalo halimo katika mkataba wetu.

Kwa hiyo nakutaka ulipe Sh. 3,000,000 zote kupitia akaunti iliyo kwenye ankara, kabla ya saa 10:00 jioni, Jumatatu tarehe 17 Machi 2025. Kama una hoja ya kupinga kiasi hiki, au pendekezo la kulipa kwa awamu, liandike na linifikie kabla ya muda huo, nitalijibu.

Muda huo ukipita bila malipo wala jibu, nitafungua shauri la madai kudai salio hilo, riba na gharama za kesi, na barua hii itakuwa kielelezo.

Viambatisho: nakala za mkataba, hati ya makabidhiano na ankara.

Wako,
(Saini)
Msanifu majengo, mdai