Barua kwa Mwanaidi kuhusu gauni la mahafali

Ngamiani, Tanga
9 Novemba 2024

Mjukuu wangu Mwanaidi, mke mwenzangu,

Assalaam alaykum. Marahaba ya shikamoo zako, shangazi yako kanifikishia zote. Huku hatujambo. Babu yako mguu umenywea, sasa anashinda barazani akimwambia kila apitaye kwamba mjukuu wake anamaliza uuguzi.

Zile picha tatu za magauni shangazi kanionyesha kwenye simu yake. Umetaka nikuchagulie. Nitakwambia niliyonayo moyoni, ila mvaaji ni wewe na neno la mwisho ni lako.

Lile jekundu lililobana mpaka magotini liache. Zuri ni zuri, na umbo la kulivaa unalo. Lakini siku hiyo utapanda ngazi za jukwaa watu wote wanakutazama, utakaa kitini asubuhi nzima, utainama kumshika mama yako mkono. Gauni la kukupimia hatua litakuharibia siku. Tena kumbuka juu yake kuna joho. Joho halipitishi hewa, na Desemba joto la kaskazi unalijua. Shanga zote zile za kifuani zitafunikwa, hakuna atakayeziona. Kitakachoonekana ni shingo, viganja na pindo. Lile la bluu hafifu nalo jasho litachora kwapani kabla hujaitwa jina.

Mimi nimelipenda la kijani kilichokoza, la mikono mirefu, lililokatwa kiunoni likamwagika chini. Usilinunue lililo tayari. Nunua kitambaa huko huko Kariakoo, uje ushonewe hapa.

Dukani usiwe na haraka. Kikunje kitambaa kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, kisha ufungue. Kikibaki na makunyanzi, na wewe utabaki nayo ukiinuka kitini. Toka nacho mlangoni ukitazame juani, uweke mkono kwa nyuma: ukiviona vidole, kitahitaji bitana. Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba tupu, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini. Ukiyeyuka ukaganda kidonge kigumu, hiyo ni poliesta au mchanganyiko wake, na bei ishuke. Kikiwa pamba, kiroweke usiku kucha na ukianike kabla hakijakatwa, kirudi chote kinachotaka kurudi. Bitana nayo iwe ya pamba nyepesi, si ile ya kuteleza inayoganda mapajani ukitoka jasho.

Kuna gauni langu sandukuni ulilokuwa ukilichezea utotoni, lile la poplini ya maua. Mama yangu alinishonea kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Ukija uligeuze ndani nje. Utaona ubavuni alikuwa ameacha inchi nzima ya kitambaa ndani ya mshono, na pembeni kuna mstari wa vitundu vidogo pale mshono wa kwanza ulipofumuliwa. Nililipanua baada ya kumzaa mama yako, naye akaja kulivaa alipokuwa msichana. Maua yamepauka, lakini mshono haujaachia popote. Gauni zuri la kwanza nalitaka liwe hivyo, likufae na miaka ya mbele. Kwa hiyo fundi akikwambia hiyo ziada ya ndani inapoteza kitambaa, mwambie kitambaa ni chako.

Siku ya kupima, usisimame tu mbele ya kioo ukigeuka geuka. Kaa. Inua mikono yote miwili kama unayetundika dripu, maana ndiyo kazi yako. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka mkononi gauni litaonekana la kuazima. Kiuno kinarekebishika, bega likikosewa ni kazi kubwa. Wenzako wakikwambia ubane zaidi, nyamaza tu.

Nimempa shangazi shilingi 120,000 akutumie. Nyingi ziende kwenye kitambaa na bitana. Zitakazobaki ni za fundi, usimpunje, nami nimeshamwambia anitengee nafasi. Ukikosa kijani, chukua zambarau iliyoiva, nyeusi usiniletee.

Panda basi Ijumaa ijayo, tarehe 15, ili fundi apate wiki tatu kabla ya mahafali ya tarehe 7. Njoo na viatu utakavyovaa siku yenyewe, pindo halikatwi mpaka uwe umevivaa. Na sidiria utakayovaa pia, kwa sababu kifua hupimwa nayo.

Babu yako anasema umletee kashata za nazi.

Bibi yako akupendaye,
Bi. Mwanahamisi