Prompti ya ukurasa wa 14: pigo la kichwani

Chora ukurasa mmoja wa manga, wima, uwiano wa 2:3, nyeusi na nyeupe tu, fremu nne zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ni mechi ya kendo, mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi, ya sekondari nchini Japani. Haruka, miaka 16, ameshapoteza pointi moja. Ukurasa huu ni pale anapoacha kuogopa, na nataka hilo lionekane machoni kabla halijaonekana kwenye upanga.

Fremu ya kwanza, juu kulia: ukumbi mtulivu, wachezaji wawili kwa mbali, peku juu ya sakafu ya mbao. Usiweke kivuli chochote.

Fremu ya pili, ukanda mwembamba toka ukingo hadi ukingo: macho ya Haruka tu, nyuma ya nondo za kofia yake. Nondo zipite mbele ya uso, ila macho yaonekane yote katika ule mwanya mpana kidogo kati ya nondo ya sita na ya saba kutoka juu. Mboni kubwa, nyeusi tititi juu, chini zififie kwa mistari myembamba ya kalamu. Mng'ao mweupe mmoja tu kila jicho. Kope za chini zimekazwa, nyusi zimeshuka, chozi hakuna. Kivuli cha kofia kianguke kwenye paji la uso kwa skrintoni ya nukta, mistari 60 kwa inchi, weusi asilimia 30.

Fremu ya tatu, ndogo, kushoto: mguu wa kulia unakanyaga sakafu kwa kishindo, vumbi kidogo.

Fremu ya nne ichukue nusu nzima ya chini na ivunje mipaka yake. Haruka anaruka mbele, shinai, upanga wake wa mianzi, inatua juu ya kofia ya mpinzani. Mistari yote ya kasi ielekee hapo inapogusa: minene pembeni, ikichongoka kadiri inavyokaribia, na kuzunguka pigo pabaki peupe kabisa. Isikate uso wa Haruka. Ukumbi utoweke, mistari ndiyo iwe mandhari.

Shinai ni mianzi iliyonyooka, si upanga wa chuma uliopinda. Uzi wake uwe upande wa juu, mbali na upande unaopiga. Mkono wa kushoto mwisho wa mpini, wa kulia karibu na kikinga mkono. Hakama ya Haruka, ile suruali pana, iwe weusi mzito wenye mikunjo myeupe. Ya mpinzani skrintoni ya asilimia 30. Utepe mwekundu mgongoni mwa Haruka uwe skrintoni ya asilimia 60, wa mpinzani mweupe, ndipo msomaji asiwachanganye.

Nukta ziwe nukta halisi, zenye kingo kali; usitumie kijivu laini cha brashi. Usipandishe skrintoni mbili mahali pamoja, zitaleta mawimbi. Kwenye bega la Haruka mwanga ukwanguliwe kama kwa ncha ya kisu.

Acha kiputo kimoja cha maneno, kitupu, chenye miiba, juu kushoto mwa fremu ya nne. Usiandike herufi yoyote popote, hata kwenye kibandiko cha jina kiunoni. Kelele ya Haruka nitaiandika mwenyewe kwa mkono.