Kuhusu sharti la kuhakikisha mauzo ya jozi 300 kabla ya shule kufunguliwa

Habari ya asubuhi Bi. Mwende,

Nimesoma rasimu ya mkataba uliyonitumia jana jioni, na nashukuru kwa kutuamini na msimu mzima wa Januari. Kuna kipengele kimoja tu ambacho siwezi kukitia sahihi: kinachotutaka tuhakikishe jozi 300 za viatu zimeuzwa kabla ya shule kufunguliwa, la sivyo turudishe ada yetu yote. Naomba nikueleze sababu kwa ukamilifu, maana najua ni nani mwingine anaweza kukubali sharti hilo, na atakavyolitimiza.

Nitaanza na hesabu za duka lako mwenyewe. Mwezi uliopita tulitumia Sh12,000 za majaribio. Ziliingia jumbe 240 za WhatsApp, ukauza jozi 19. Kila ujumbe uligharimu Sh50, na kila jozi ikala takriban Sh630 za matangazo. Bajeti ya sasa ni Sh90,000. Mwendo ukibaki huo huo, tutarajie jumbe 1,800 na jozi 140 hivi. Kufikisha 300 kunataka kila jozi iuzwe kwa Sh300 za matangazo, chini ya nusu ya gharama ya sasa, tena katika msimu ambao wauzaji wa sare, mabegi na madaftari wanamwania mzazi yule yule.

Ushindani huo una bei. Nafasi za Facebook na Instagram huuzwa kwa mnada, na mnada wenyewe hautazami pesa pekee. Hupima pia uwezekano wa mtu kuchukua hatua na ubora wa tangazo. Washindani wakiongezeka, gharama hupanda, na hakuna wakala yeyote mwenye uwezo wa kuizuia.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi huanzia pale mzazi anapokuwa ameshabonyeza tangazo. Nilikaa na msichana wako wa dukani tukapitia zile jumbe. Mama mmoja wa Kitengela aliandika Jumamosi saa mbili usiku: “Mko na saizi 3 ya msichana?” Alijibiwa Jumatatu saa nne asubuhi, akasema ameshanunua. Mwingine alikubali bei ya Sh2,600 vizuri kabisa, kisha akatajiwa Sh350 za kutumiwa mzigo, akanyamaza. Na wengi waliulizia saizi 2 hadi 4, ambazo zilikuwa zimeisha. Tangazo lilimfikisha mteja mlangoni mara zote hizo. Stoo, bei na kasi ya kujibu viko mikononi mwako, na singekuwa mkweli nikikuuzia uhakika juu ya vitu nisivyovishika.

Haya ndiyo ninayoweza kuyaweka kwenye mkataba. Kila shilingi ya bajeti itatumika kupitia akaunti ya matangazo iliyo kwa jina lako, ili hata tukiachana ubaki na rekodi zako zote. Tangazo ambalo ujumbe wake utazidi Sh70 kwa siku tatu mfululizo tutalisimamisha na kuweka jingine. Bei ya kutuma mzigo itaonekana kwenye tangazo lenyewe. Kila Jumatatu utapata ripoti ya pesa zilizotumika, jumbe zilizoingia na jozi zilizolipiwa. Hiyo ya mwisho itategemea daftari la dukani, kwa sababu Facebook huona ujumbe ukiingia lakini haioni malipo yanayopita kwenye tili yako ya M-Pesa.

Jozi 140 iandikwe kama lengo, na tulijadili kila wiki. Ukiongeza mtu wa kujibu jumbe hadi saa tatu usiku na ukijaza saizi za kati, naamini tutalipita. Ni imani yangu, na ndiyo maana siiiti dhamana.

Naelewa pia kwamba hutaki kubeba hatari peke yako, na una haki. Badala ya ada ya Sh35,000, napendekeza utulipe Sh20,000, kisha Sh120 kwa kila jozi itakayolipiwa na mteja aliyetoka kwenye matangazo. Tukiuza kidogo, nasi tutapata kidogo. Anayekubali 300 bila kuuliza una saizi zipi stoo atakuletea oda za uongo au watu wanaofuata zawadi, na mzigo utarudi dukani na gharama ya boda juu yako.

Nimeambatisha mkataba uliorekebishwa. Ukinijibu kufikia Alhamisi, matangazo yataanza Jumatatu ijayo. Ukipenda tuongee kwanza, nitapita dukani kesho baada ya saa nane mchana.

Wako,
Otieno
Msimamizi wa Matangazo