Fremu ya Zege au ya Chuma: Ulinganisho wa Kaboni na Gharama, Jengo la Ofisi za Halmashauri, Dodoma

Kwa: Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango
Kutoka: Mhandisi Mshauri na Mkadiriaji Majenzi

Waheshimiwa, tunapendekeza fremu ya zege, lakini si ile iliyo kwenye michoro ya sasa.

Jengo lina ghorofa nne, mita za mraba 3,200. Tumehesabu hewa ukaa tangu machimboni hadi malighafi zinapotoka kiwandani, kwa fremu na sakafu tu. Msingi haumo.

| Chaguo | Hewa ukaa (tani) | Gharama (Sh milioni) |
|---|---|---|
| Zege, michoro ya sasa | 500 | 855 |
| Zege lililoboreshwa | 385 | 800 |
| Chuma cha tanuru la makaa | 625 | 1,520 |
| Chuma cha chakavu | 370 | 1,620 |

Jina la malighafi peke yake halitoshi kuamua. Mhimili uliotoka kwenye madini ya chuma na makaa ya mawe hubeba takribani kilo 2.4 za hewa ukaa kwa kila kilo. Ule uliotoka kwenye chakavu kilichoyeyushwa kwa umeme unaweza kushuka chini ya kilo moja. Ndiyo maana safu mbili za chuma zimeachana kwa tani 255. Usafiri wa lori kutoka bandari ya Dar es Salaam, unaotajwa sana vikaoni, huongeza tani chache tu.

Kwenye zege, mzigo uko kwenye saruji na nondo. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, kwa hiyo kubadili mafuta ya tanuru hakutoshi. Inabidi klinka, yaani zao la mawe hayo yaliyochomwa linalosagwa kuwa saruji, ipungue. Tunataka saruji yenye pozolana, yaani unga kama wa majivu ya volkano unaochukua nafasi ya sehemu ya klinka, na nafasi kati ya nguzo ipunguzwe kutoka mita 9 hadi 7.5. Hatua hii ya pili inapunguza kaboni na pesa kwa pamoja. Ukumbi wa mikutano ubaki na nafasi yake pana.

Saruji ya pozolana hukomaa polepole. Mbao za kushikilia zege zitakaa muda zaidi, na vipimo vya nguvu vifanyike siku ya 56 badala ya 28. Mkandarasi akibanwa na ratiba atarudi kwenye saruji ya kawaida, hivyo sharti hili liandikwe kwenye zabuni.

Chuma kina sifa zake: kingeokoa takribani wiki kumi, sawa na Sh milioni 120 za uendeshaji wa eneo la ujenzi, na kikifungwa kwa bolti kinaweza kufunguliwa na kutumika tena. Hata hivyo pengo la gharama linabaki kubwa, mihimili hulipiwa kwa dola, na cheti cha kuthibitisha chakavu lazima kipatikane kabla ya kuagiza.

Tunaomba Kamati iidhinishe kurekebishwa kwa michoro kabla zabuni haijatangazwa.