Mpango wa Mafunzo kwa Mafundi Vifaa Tiba Wapya: Ugezi wa Mashine za Presha na Pampu za Dripu

Walengwa: mafundi wanne wapya wa hospitali ya rufaa ya mkoa.
Muda: siku 10 za kazi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, karakana ya vifaa tiba.

Siku ya 1
Kugeza ni kulinganisha usomaji wa mashine na kipimo rejea. Kurekebisha ni kuigusa mashine yenyewe. Andika kwanza ulichokikuta, ndipo uguse. Fundi akirekebisha kabla ya kuandika, hatutajua kamwe wagonjwa walikuwa wakipimwaje wiki iliyopita. Mashine isiyofutwa kwa dawa ya kuua vijidudu haipandi mezani.

Siku ya 2 hadi ya 4: mashine za presha
Unganisha kwa kiungo cha T mashine, kipimo rejea chenye cheti hai cha ugezi, pampu ya mkono na chombo kigumu cha mililita 500. Pandisha 0, 50, 100, 150, 200 na 250 mmHg, kisha shuka kwa hatua zilezile. Tofauti isizidi 3 mmHg popote. Uvujaji usizidi 6 mmHg kwa dakika. Ukizidi, anza na mkanda na mipira, ndiko hewa inakotokea mara nyingi. Hakikisha pia mashine inaachia hewa kabla ya kuvuka 300 mmHg kwa mtu mzima, na 150 kwa mtoto mchanga.

Kila fundi ajipime kwa mkanda unaomfaa, kisha kwa mdogo. Mkanda mdogo hupandisha usomaji, na muuguzi atakuletea mashine nzima akidhani ni mbovu.

Siku ya 5 hadi ya 8: pampu za dripu
Huku tunakaa zaidi, kwa sababu kosa linaingia moja kwa moja kwenye mshipa.

Toa hewa yote kwenye mpira. Weka 60 ml/h, pampu ikimbie dakika 20, maji yaingie kwenye chupa iliyopimwa uzito ikiwa tupu. Gramu 1 ya maji ni kama mililita 1, hivyo tunategemea gramu 20. Kwa kiwango chetu cha asilimia 5, tunakubali 19 hadi 21. Rudia kwa 5 ml/h kwa saa mbili. Funika mdomo wa chupa, maana kwa kasi ndogo hata mvuke unaopotea huharibu hesabu.

Tumia seti ileile inayotumika wodini. Bohari ikileta seti za aina nyingine, pampu iliyofaulu jana inaweza kukosea leo, maana kipenyo na ulaini wa mpira hubadili kiasi kinachosukumwa.

Ziba mpira, subiri kengele, andika shinikizo na muda. Kabla ya kuachia, punguza shinikizo: dawa iliyojikusanya ingemwingia mgonjwa kwa mkupuo. Jaribu pia kengele ya hewa na betri.

Siku ya 9 na ya 10: tathmini wodini
Kila fundi ageze peke yake mashine tatu za presha na pampu mbili, na kujaza fomu. Iliyoshindwa inapata lebo nyekundu na kuondoka wodini saa hiyohiyo, na muuguzi kiongozi anaambiwa ana kwa ana.