Waraka wa kazi: Vigezo vya kupima maingizo ya mkono kwenye leja kuu, mwaka ulioishia 31 Desemba 2024

Mteja: kampuni ya mkonge, ofisi kuu Tanga mjini, mashamba Muheza na Korogwe
Umeandaliwa na: msimamizi wa timu ya ukaguzi, 20 Januari 2025
Kwa: timu yote, nakala kwa mshirika anayesaini hati

Kwa nini tunaifanya kazi hii

ISA 240 inasema hatari ya menejimenti kuvuka udhibiti wa ndani ipo kwa kila mteja, na inahesabiwa kuwa hatari kubwa. Dhana ya udanganyifu katika mapato tunaweza kuipinga tukiandika sababu. Hii ya menejimenti haipingiki. Kwa hiyo sitapokea kwenye jalada maneno kama "Mkurugenzi wa Fedha ni mtu mwaminifu" kuwa sababu ya kupunguza kazi, hata kama ni kweli. Sahihi mbili kwenye vocha, ukomo wa idhini, upatanisho wa benki: vyote tulivyopima Novemba vimewekwa ili kumzuia karani. Anayevisimamia anaweza kuvipita kwa ingizo moja, bila kugusa pesa wala kufungua stoo.

Mwaka huu kuna msukumo wa wazi. Mkopo wa mashine mpya za korona una sharti la faida, na bei ya singa haikuwasaidia. Nikitazama leja yao, hofu yangu iko zaidi kwenye mashamba yenyewe. Mkonge mchanga, kabla haujaanza kukatwa, gharama zake huongezwa kwenye thamani ya mali chini ya IAS 16. Ukishaanza kukatwa, palizi na matunzo ni gharama ya mwaka huo. Ingizo linalohamisha palizi ya shamba linalokatwa kwenda shamba changa linapandisha faida na mali kwa mpigo mmoja, na hakuna mteja wala msambazaji wa nje atakayelalamika. WorldCom walifanya jambo la jinsi hiyo kwa gharama za laini za simu. Walipotangaza Juni 2002, kiasi kilikuwa dola bilioni 3.8 na ushee. Kwa sababu hiyo, kila ingizo la mkono linalotoa fedha kwenye akaunti za palizi, mbolea au vibarua na kuziingiza kwenye akaunti ya upanzi mpya litapimwa, liwe la siku yoyote na kiasi chochote kinachozidi shilingi 9,000,000, ambacho ndicho kiwango chetu cha makosa madogo.

Ukamilifu kabla ya kichujio

Hakuna kuchuja mpaka tujue tumepewa maingizo yote. Salio la kuanzia, jumlisha maingizo yote ya mwaka, lazima lifikie urari wa mwisho, akaunti kwa akaunti. Kagueni pia mfuatano wa namba za vocha: pengo lolote liulizwe kwa mhasibu mkuu na jibu liandikwe. Faili litolewe kwenye mfumo mmoja wetu akiwa amekaa pembeni ya mtu wa kompyuta. Faili lililotumwa kwa barua pepe na mkurugenzi mwenyewe halitatumika.

Siku na saa

Tumieni tarehe ambayo ingizo liliundwa kwenye mfumo. Tarehe ya kihasibu huchaguliwa na mwandishi, na mwenye la kuficha ataandika Jumanne. Mfumo wao unatunza saa ya UTC, yaani nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ingizo la Ijumaa 22:00 kwenye faili liliandikwa kwetu Jumamosi saa 7 usiku. Fomula ya kwanza inaongeza saa hizo; mbili zinazofuata ni za kiasi. D ni tarehe na saa ya kuundwa, F ni kiasi:

```
=WEEKDAY(D2+3/24,2)>=6
=AND(ABS(F2)>=9000000,MOD(ABS(F2),1000000)=0)
=AND(ABS(F2)>=9000000,MOD(ROUND(ABS(F2)/1.18,0),1000000)=0)
```

Jumamosi peke yake haitoshi hapa. Korona hufanya kazi Jumamosi, na makarani wa mishahara huingiza hesabu za vibarua hadi saa 8 mchana. Hayo yaondoeni, mkiandika kwamba mmeyaondoa na kwa nini. Yanabaki ya Jumamosi baada ya saa 8, Jumapili yote, sikukuu za taifa, siku za Idi, na saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kuna dirisha jingine ambalo kichujio cha kawaida hakilioni: Ijumaa saa 6 hadi saa 8 mchana, ofisi inapofungwa kwa swala. Ingizo la wakati huo kwa jina la mtu aliyekuwa msikitini linaonyesha kwamba nywila yake inatumiwa na mwingine.

Kiasi mviringo

Mazidisho ya shilingi 1,000,000 kuanzia 9,000,000 kwenda juu. Malipo ya vibarua huwa mviringo kwa asili yake, kwa hiyo akaunti hiyo isitujaze karatasi. Fomula ya tatu ni ya kodi: 118,000,000 haionekani mviringo mpaka uondoe VAT ya asilimia 18. Tazameni vilevile safu ya dola, maana marobota yanayopitia bandari ya Tanga huuzwa kwa dola, na 40,000 kamili ikibadilishwa kwa shilingi haitaonekana mviringo hata kidogo. Ongezeni kiasi kilicho chini kidogo ya ukomo wa idhini wa 50,000,000, kuanzia 48,000,000.

Nani ameandika

Mkurugenzi Mkuu, Mkurugenzi wa Fedha na mhasibu mkuu: maingizo yao yote ya mkono, bila kikomo cha kiasi. Hawa hawatakiwi kuandika; kazi yao ni kuidhinisha. Linganisheni orodha ya watumiaji wa mfumo na orodha ya wafanyakazi, mtafute walioacha kazi ambao majina yao bado yanaandika, na akaunti isiyo ya mtu, kama ADMIN.

Lakini bosi mjanja haandiki mwenyewe. Humwambia karani. Tafuteni kwenye maelezo maneno "maelekezo", "kama alivyosema", "marekebisho", "MD" na "DF", pamoja na maelezo yaliyoachwa wazi. Kisha zungumzeni na makarani mmoja mmoja, wakubwa wao wakiwa hawapo: je, mwaka huu umewahi kuombwa kuandika kitu usichokielewa? Ulizeni kwa upole na kwa heshima. Karani wa pale Tanga ana watoto wa kulisha na hatasema mbele ya bosi wake.

Vingine kwa ufupi

Akaunti zilizoguswa mara moja au mbili kwa mwaka. Maingizo ya siku tano za mwisho wa Desemba. Yaliyoongezwa Januari baada ya rasimu ya urari. Na yaliyogeuzwa Januari. Haya ya kugeuzwa yapewe uzito, hasa ya mauzo.

Ingizo likinaswa

Linalogusa vigezo viwili au zaidi linapimwa moja kwa moja. La kigezo kimoja, nitachagua mimi kwa akili, na sababu itaandikwa; hatuchukui sampuli ya bahati nasibu hapa. Ushahidi utoke nje ya mkono wa aliyeandika: hati ya mizani, bili ya meli, taarifa ya benki, daftari la nyapara shambani. Kwa upanzi mpya, mmoja wenu ataenda Muheza kuona shamba lenyewe na kuuliza limepandwa lini. Mkonge unaokatwa majani hauwezi kuitwa mchanga.

Mkikuta jambo la kutia shaka, msimuulize mhusika wala msiliongee kwenye gari la mteja. Nileteeni mimi siku hiyo hiyo. Nitalifikisha kwa mshirika, naye ataamua lifike vipi kwenye bodi, kwa kuwa huenda mhusika mwenyewe ndiye anayepokea barua zetu.