RUFAA DHIDI YA KUSIMAMISHWA KWA USAJILI WA UHANDISI

Athman Shee, Mhandisi wa Ujenzi
Mtaa wa Langoni, Lamu
4 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Usajili

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA TAREHE 9 JULAI 2025 WA KUNISIMAMISHA KWA MIEZI 12

Ninaandika kwa heshima kuomba Bodi iupitie upya uamuzi wake ulionisimamisha usajili kwa muda wa miezi kumi na miwili, uamuzi uliotokana na kulegea kwa roshani ya bweni la wanafunzi lililokuwa likijengwa Wiyoni, hapa Lamu, mwezi wa Februari mwaka huu. Barua ya uamuzi huo ilinifikia tarehe 23 Julai. Ilikuwa na aya mbili, na sababu pekee iliyotajwa ndani yake ni kwamba nimepatikana na “uzembe wa kitaaluma” kwa kuruhusu nguzo za kuegemeza ziondolewe mapema, kwa kutumia mchanga wa bahari, na kwa kutokuwepo kazini. Katika mambo hayo matatu, mawili si kweli, na ninao ushahidi wa maandishi. La tatu ni kweli kwa sehemu, nami nitalieleza bila kulipunguza.

Kwanza nieleze kilichotokea. Roshani ile ni slabu iliyoshikwa upande mmoja tu, inayotoka ukutani kwa mita 1.2 na yenye urefu wa mita 4. Slabu ya namna hiyo haina nguzo mbele, kwa hiyo nguvu yake yote imo kwenye nondo za juu zinazoingia ndani ya jengo, na mpaka zege likomae ni lazima ibebwe kutoka chini. Ndiyo maana mchoro wangu uliagiza nguzo za chuma zikae siku 21, na agizo hilo nililirudia kwa mkono wangu kwenye daftari la kazi jioni ya tarehe 11 Februari, siku tuliyomwaga zege, nikaandika: “Nguzo za roshani zisiguswe mpaka tarehe 4 Machi, na kabla ya hapo ni kwa ruhusa yangu ya maandishi tu.” Chini ya maneno hayo ipo sahihi ya nyapara wa mkandarasi. Ukurasa huo una doa la maji ya chumvi pembeni kwa sababu daftari lilivukishwa nami zaidi ya mara moja kwenye mashua, lakini maandishi yanasomeka, na nimeambatisha nakala yake.

Tarehe 15 Februari niliondoka kwenda Mombasa nikiwa na michemraba ya majaribio ya zege lile lile, kwa kuwa Lamu hatuna maabara ya kuivunja. Tarehe 17, siku ya sita tangu kumwaga zege, mkandarasi aliziondoa nguzo. Zilikuwa za kukodi, zinalipiwa kwa siku, naye alizihitaji kwenye kazi nyingine ng’ambo ya Mokowe. Jioni ya siku hiyo hiyo mashua ilishusha saruji, punda wakaipandisha hadi Wiyoni, na vibarua, kwa kuogopa maji ya bamvua yasiifikie chini, wakaipanga mifuko 60 juu ya roshani. Mfuko mmoja una kilo 50. Hizo ni kilo 3,000 juu ya mita za mraba 4.8, sawa na kilo 625 kwa kila mita ya mraba, ilhali slabu ilisanifiwa kubeba takriban kilo 300 kwa kila mita ya mraba ikiwa imekomaa kabisa. Iliwekewa zaidi ya mara mbili ya mzigo wake ikiwa na umri wa siku sita, haina kitu chini yake. Asubuhi ya tarehe 18 ilikutwa imepasuka kwenye shina lake, pale inapokutana na ukuta, na ncha yake imeshuka milimita 38. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia, kwa sababu watoto wa mtaa ule hupenda kukaa kivulini chini ya roshani hiyo wakirudi chuoni, na tangu siku ile sijaweza kulifikiria jambo hilo kwa utulivu.

Asubuhi hiyo hiyo, nikiwa bado sina habari, michemraba mitatu ilivunjwa maabarani ikiwa na siku saba. Matokeo yalikuwa 18.4, 17.9 na 19.1 kwa kipimo cha N/mm². Zege lililoagizwa ni la daraja la 25 likifika siku 28, na kwa kawaida zege hufikisha takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo kwa siku saba. Kwa hiyo zege letu lilikuwa zima na mbele kidogo ya umri wake. Naomba wajumbe walitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo linaloamua chanzo: kama roshani ingelegea kwa ubovu wa zege, michemraba ingesema. Roshani ililegea kwa sababu iliondolewa nguzo kinyume cha agizo la maandishi na kutwishwa mzigo isiouweza.

Kuhusu mchanga, shutuma hii imeniumiza kuliko zote, kwa sababu mimi ni mtu wa Lamu na ninajua chumvi inavyoyala majengo yetu. Chumvi ikiingia katika zege huamsha kutu kwenye nondo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege hupasuka kutoka ndani. Tarehe 3 Februari mashua mbili zilileta mchanga mweupe. Nilichukua konzi moja, nikaukoroga na maji safi kwenye gilasi, nikatia matone ya nitrati ya fedha, na maji yakageuka meupe kama maziwa mbele ya nyapara na mlinzi wa mwenye jengo. Niliukataa mchanga wote, nikaandika katazo hilo, na mlinzi akatia sahihi. Zege lilichanganywa kwa mchanga wa mto uliovushwa kutoka Mokowe tarehe 7, na risiti yake imeambatishwa. Picha iliyo kwenye jalada la malalamiko, ambayo mwenye jengo alinionyesha baada ya uamuzi kutolewa, ni ya lundo la ule mchanga uliokataliwa, ambao nahodha alikataa kuurudisha na ambao baadaye ulitumika kujazia sakafu chini ya mawe. Njia ya kumaliza ubishi huu ni rahisi: vipande vya zege lile bado vipo kiwanjani, na Bodi inaweza kumtuma mtu imwaminiye akavichukue na kuvipima chumvi. Gharama nitailipa mimi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ni kweli kwamba tangu tarehe 15 hadi tarehe 19 Februari sikuwepo, na ni kweli kwamba sikumwachia mhandisi mwenzangu barua ya kunishikia nafasi. Nilimwomba kwa simu apite Wiyoni, akakubali, lakini hakuwa na maandishi ya kumpa mamlaka ya kusimamisha kazi, na alipofika tarehe 16 akakuta kila kitu kimetulia akarudi. Siku ya pili yake nguzo zikatolewa. Kama angekuwa na barua yangu mkononi, huenda nyapara angempigia simu kwanza. Nilitegemea sahihi ya daftari nikaona imetosha, na sikupaswa kuona hivyo katika kazi yenye slabu ya kuning’inia. Kwa hilo ninakubali lawama na niko tayari kupokea onyo, au adhabu nyingine inayolingana nalo. Tangu Machi sitoki kwenye kiwanja changu chochote bila kumteua mtu kwa maandishi, na nakala tatu za barua za namna hiyo nimeziambatisha ili Bodi ijionee.

Haya yote ningeyasema mbele ya wajumbe tarehe 12 Juni kama ningeitwa. Wito ulitumwa kwenye sanduku la posta nililoliacha mwaka 2022, ingawa anwani yangu mpya imo kwenye fomu za kuhuisha leseni nilizojaza kila mwaka tangu hapo, pamoja na risiti za ada. Simlaumu karani yeyote, kwani makosa ya anwani hutokea. Lakini matokeo yake ni kwamba nilihukumiwa kwa maelezo ya upande mmoja, yakiwemo ya mkandarasi aliyeziondoa nguzo hizo, bila kuyaona wala kumuuliza swali hata moja. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa hatua za kiutawala zilizo halali na zenye utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho, katika sehemu yake ya 4, inataka apewe taarifa mapema na nafasi ya kusikilizwa. Naamini Bodi ingependa uamuzi wake usimame juu ya msingi huo.

Ni lazima pia niseme kinachosubiri. Huko Kizingitini, kisiwani Pate, liko jabia ambalo kuta zake zimepasuka na ambalo watu wa huko hulitegemea kwa maji ya mvua. Michoro ya kulikarabati niliimaliza Juni, lakini kazi haiwezi kuanza bila mhandisi aliyesajiliwa kuisimamia, na mvua za vuli zikipita kabla kuta hazijazibwa, maji ya msimu mzima yatapotelea mchangani. Sisemi hili ili nionewe huruma. Nalisema kwa sababu adhabu hii inawafikia watu wasiohusika na roshani ya Wiyoni.

Kwa hayo naomba Bodi isitishe utekelezaji wa adhabu hii wakati rufaa ikisikilizwa; inipangie siku ya kusikilizwa nikiwepo, pamoja na nyapara na yule mlinzi; inipe nakala ya jalada lote la malalamiko; na baada ya kusikiliza, ifute makosa ya kuruhusu nguzo ziondolewe na ya kutumia mchanga wa bahari, kisha ipime upya adhabu ya kosa la kutoacha kaimu kwa maandishi. Niko tayari kusafiri siku yoyote nitakayopewa, mradi nipate taarifa ya siku saba.

Nimeambatisha nakala za kurasa za daftari la kazi za tarehe 3 na 11 Februari, mchoro wa roshani, cheti cha maabara cha tarehe 18 Februari, risiti ya mchanga wa tarehe 7, fomu za kuhuisha leseni zenye anwani yangu ya sasa, picha za mifuko ya saruji juu ya roshani zilizopigwa na jirani, na barua tatu za kuteua kaimu. Daftari lenyewe nimelihifadhi, na nitalileta siku ya kusikilizwa.

Wako mtiifu,

Athman Shee
Mhandisi wa Ujenzi, Lamu